Mstari Mmoja kwa Aikoni Kumi na Mbili

Seti ya aikoni ni kundi la michoro midogo inayotumika pamoja ndani ya programu moja ya simu: kioo cha kukuzia kwa kutafuta, kengele kwa taarifa, kichwa na mabega kwa akaunti ya mteja. Katika mtindo wa mistari, kila kitu huchorwa kwa mstari unaokizunguka, na ndani pakabaki patupu. Mtindo huu hauchoshi macho, na kuubadilisha rangi ni rahisi. Ugumu wake ni kwamba hauna pa kufichia kasoro. Mstari ulionenepa kidogo kwenye aikoni moja, au kona iliyochongoka wakati za wenzake zimeviringwa, hugundulika mara tu aikoni zinapopangwa safu moja.

Ndiyo maana seti nzuri huanza na maandishi kabla ya mchoro. Kampuni, au mbunifu wake, huandika waraka wa vipimo wa ukurasa mmoja au miwili. Waraka huo husema kisanduku cha kuchorea kina ukubwa gani, mstari una unene gani, kona zinapindaje, na nini hakiruhusiwi. Lengo lake ni kwamba wachoraji wawili wasiojuana, au mchoraji mmoja anayerudi kwenye kazi baada ya mwaka, watoe michoro inayofanana kama mwandiko wa mkono mmoja.

Wazo hilo limetangulia simu za mkononi kwa miaka mingi. Mbunifu wa Kijerumani Otl Aicher na wenzake walipoandaa alama za michezo kwa ajili ya Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972, walichora kila mwanamichezo juu ya gridi ileile, kwa mistari ya wima, ya ulalo na ya mshazari wa nyuzi 45. Mwogeleaji na mkimbiaji wakaonekana ndugu, ingawa miili yao imekaa tofauti kabisa. Udugu huo haukutokana na umahiri wa mkono tu. Ulitokana na kanuni zilizowekwa kabla ya mchoro wa kwanza.

Hapa utafuatwa mfano mmoja wa kubuni: kampuni ya mabasi ya mikoani nchini Tanzania inayotaka programu ya kukatia tiketi. Programu hiyo inahitaji aikoni kumi na mbili, na kampuni imeamua zote ziwe za mistari.

Orodha hutangulia kalamu

Sehemu ya kwanza ya waraka ni orodha ya maana. Kila aikoni hupewa jina, kazi yake kwenye skrini, na kitu kitakachochorwa. Kwa kampuni ya mabasi orodha inaweza kuwa hii: tafuta safari, basi, kiti, tiketi, tarehe, mzigo, malipo, kituo cha kupandia, risiti, taarifa, akaunti na msaada.

Kuandika orodha hufichua matatizo ambayo yangejitokeza mchoro ukishakamilika. Tiketi na risiti, kwa mfano, zote ni vipande vya karatasi. Mchoraji akiachwa bila maelekezo atachora karatasi mbili zenye mistari ya maandishi ndani, na abiria hatajua ipi ni ipi. Waraka hutenganisha mapema: tiketi ni karatasi iliyolala, yenye mikato miwili ya nusu duara juu na chini, risiti ni karatasi iliyosimama, yenye ukingo wa chini wa meno kama iliyochanwa kwenye mashine. Moja imelala, nyingine imesimama, na tofauti hiyo huonekana hata kwa jicho la haraka.

Malipo nayo huhitaji uamuzi. Seti nyingi zinazouzwa huonyesha malipo kwa kadi ya benki. Abiria wengi wa mabasi hulipa kwa pesa za simu au kwa fedha taslimu, na kadi si kitu wanachokishika kila siku. Mchoro wa simu yenye sarafu ndani unaweza kuonekana unafaa zaidi, na itaonekana baadaye kwa nini hesabu za gridi huukataa.

Jambo la tatu kwenye orodha ni upande wa kutazamia. Basi hutambulika likitazamwa kwa mbele au kwa ubavu, na kiti hutambulika kwa ubavu. Kanuni inayotosha ni kwamba kila kitu kichorwe kutoka upande mmoja uliolala bapa, ule unaokitambulisha zaidi, na kwamba hakuna kitu kitakachochorwa kwa pembe inayoonyesha pande mbili kwa pamoja. Aikoni moja yenye kina kati ya kumi na moja zilizo bapa huonekana kama mgeni.

Kisanduku cha 24

Kipimo kilichozoeleka zaidi ni mraba wa vipimo 24 kwa 24. Kipimo kimoja hapa hulingana na pikseli moja kwenye skrini ya kawaida. Kwenye simu zenye skrini kali, mraba huohuo huonyeshwa kwa pikseli 48 au 72 kila upande, ila ukubwa wake machoni hubaki uleule.

Mchoro haujazi mraba wote. Huachwa nafasi tupu ya vipimo 2 kila upande, ili aikoni isigusane na jirani yake wala isikatwe ukingoni. Kinachobaki ni eneo la mchoro la 20 kwa 20.

Mtu angedhani kwamba kila aikoni ikijaza eneo hilo la 20 kwa 20, zote zitaonekana sawa kwa ukubwa. Haiwi hivyo. Mraba wenye upande wa 20 huonekana mkubwa kuliko duara lenye kipenyo cha 20, kwa sababu pembe zake nne zinachukua nafasi ambayo duara limeiacha. Kwa hiyo waraka huweka maumbo manne ya msingi ambayo michoro hutegemezwa juu yake. Vipimo vifuatavyo vimeenea kupitia mwongozo wa Google unaoitwa Material Design: duara la kipenyo cha 20, mraba wa 18 kwa 18, mstatili uliosimama wa 16 kwa 20, na mstatili uliolala wa 20 kwa 16.

Namba hizo hazikubahatishwa. Mraba wa 18 una eneo la 324, kila mstatili una 320, na duara la kipenyo cha 20 lina takribani 314. Maumbo yote manne yanakaribiana mno kwa eneo, na ndiyo sababu macho huyaona yana uzito mmoja.

Kinachofuata ni kugawa orodha. Msaada, yaani alama ya kuuliza iliyozungushiwa mstari, hukaa kwenye duara. Tarehe na mzigo hukaa kwenye mraba. Basi na risiti husimama kwenye mstatili wa wima, na tiketi hulala kwenye mstatili wa ulalo. Vitu visivyo na umbo kamili, kama kengele au kiti, hupewa umbo lililo karibu navyo, na mchoraji huruhusiwa kupita au kupungua kwa kipimo kimoja. Ruhusa hiyo nayo lazima iandikwe, la sivyo kila mchoraji atajipa yake.

Mstari wenyewe

Mambo manne ya mstari yanatosha kuipa seti sura yake: unene, ncha, maungio na nafasi kati ya mstari na mstari.

Unene wa 2 ndio chaguo la kawaida kwenye kisanduku cha 24, na kuna sababu ya kiufundi. Mstari hupimwa kutoka katikati yake. Katikati ikiwekwa kwenye namba kamili, tuseme 5, mstari wa unene wa 2 utaanzia 4 hadi 6, na kingo zake mbili zitaangukia hasa kwenye mipaka ya pikseli. Mstari huonekana mkali. Ukichaguliwa unene wa 1.5, kingo huangukia katikati ya pikseli, na skrini hujaribu kuonyesha pikseli nusu kwa kuipaka rangi hafifu. Matokeo ni ukingo wenye ukungu, ambao huonekana zaidi kwenye skrini za ubora wa chini. Mstari mwembamba una uzuri wake, lakini kampuni inayouchagua inapaswa kujua kwamba abiria wenye simu za bei nafuu ndio watakaoona ukungu huo.

Ncha za mstari huweza kuviringwa au kukatwa wima, na maungio huweza kuviringwa au kuchongoka. Hapa ndipo chapa ya kampuni huingia. Kama nembo ya kampuni ina herufi za mviringo, ncha za mviringo huifuata vizuri. Kama nembo ni ya pembe kali, ncha zilizokatwa hufaa zaidi. Chaguo lolote ni sahihi mradi liwe moja kwa seti yote. Kampuni ya mfano huu imechagua mviringo kwa ncha na kwa maungio.

Kona za maumbo makubwa hupewa nusu kipenyo cha 2. Hapa waraka unapaswa kusema jambo ambalo husahaulika mara nyingi: nusu kipenyo hicho kinapimwa wapi? Kikipimwa katikati ya mstari wa unene wa 2, ukingo wa nje wa kona utakuwa na nusu kipenyo cha 3 na ukingo wa ndani cha 1. Mchoraji mwingine akipima 2 hiyohiyo kwenye ukingo wa nje, kona yake itakuwa kali zaidi. Wote wawili wataapa kwamba wamefuata waraka, na aikoni zao hazitalingana. Neno "katikati ya mstari" huondoa ubishi.

La mwisho ni nafasi. Kati ya mistari miwili isiyogusana pasipungue vipimo 2, sawa na unene wa mstari wenyewe. Nafasi ikipungua, mistari miwili huungana machoni na kuwa doa jeusi. Kanuni hii moja huzuia kasoro nyingi kuliko nyingine zote, kwa sababu inamlazimisha mchoraji kupunguza vitu.

Basi, hatua kwa hatua

Namna kanuni hizo zinavyofanya kazi huonekana vizuri kwenye aikoni ya basi linalotazamwa kwa mbele. Umbo lake la msingi ni mstatili uliosimama wa 16 kwa 20. Ndani ya kisanduku cha 24, mstatili huo huanzia 4 hadi 20 kwa upana na 2 hadi 22 kwa urefu. Kwa kuwa mstari una unene wa 2, katikati yake hukaa kipimo kimoja ndani zaidi, yaani 5 hadi 19 kwa upana na 3 hadi 21 kwa urefu.

Mwili wa basi huanzia juu, kwenye 3, na kuishia 19, ili chini yake pabaki nafasi ya magurudumu. Magurudumu ni mistari miwili mifupi ya wima inayotoka 19 hadi 21. Ncha zake za mviringo huongeza kipimo kimoja, kwa hiyo hufika 22 barabara, mwisho wa eneo la mchoro.

Kioo cha mbele huonyeshwa kwa mstari mmoja wa ulalo kwenye 11. Mstari huo huchukua nafasi ya 10 hadi 12. Ukingo wa chini wa mwili, ambao katikati yake ni 19, huanzia 18. Kati ya 12 na 18 pamebaki vipimo 6. Taa ya basi ni nukta yenye kipenyo cha 2. Ikiwekwa kwenye 15 huchukua 14 hadi 16, na huacha vipimo 2 juu yake na 2 chini yake. Kwa upana, taa ya kushoto ikiwekwa kwenye 9 huchukua 8 hadi 10, nao ukingo wa ndani wa mwili uko kwenye 6, kwa hiyo hapo napo pana vipimo 2. Kanuni ya nafasi imetimizwa pande zote.

Faili la aikoni hiyo katika muundo wa SVG ni fupi:

```
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg" viewBox="0 0 24 24" fill="none"
     stroke="currentColor" stroke-width="2"
     stroke-linecap="round" stroke-linejoin="round">
  <rect x="5" y="3" width="14" height="16" rx="2"/>
  <path d="M5 11h14M9 15h.01M15 15h.01M8 19v2M16 19v2"/>
</svg>
```

Karibu waraka mzima umo ndani ya mistari mitatu ya kwanza: kisanduku, unene, ncha na maungio. Mistari hiyo mitatu inapaswa kuwa ileile kwenye mafaili yote kumi na mawili. Kinachobadilika ni umbo tu. Taa zimechorwa kama mistari mifupi mno, ya urefu wa 0.01, ncha za mviringo ndizo zinazoigeuza kila moja kuwa nukta.

Mchoraji angetamani kuongeza vioo vya pembeni, kifuta maji na ubao wa jina la kituo. Vyote vipo kwenye basi halisi, na hakuna hata kimoja kinachohitajika ili mtu aseme "hilo ni basi". Ubao wa jina ungehitaji mstari mwingine juu ya kioo, na kati ya paa na kioo pana vipimo 6 tu: mstari ungechukua 2, ukaacha 2 kila upande. Hesabu inaruhusu, lakini kioo chenyewe kingepotea. Kikomo kizuri cha kuandikwa kwenye waraka ni kwamba aikoni isiwe na zaidi ya umbo kuu moja na vitambulisho viwili au vitatu. Basi hili lina mwili, kioo, taa na magurudumu, na hapo limefika mwisho.

Hesabu inapokataa

Sasa inawezekana kurudi kwenye malipo. Wazo lilikuwa simu yenye sarafu ndani. Simu ya upana wa 12 hupoteza vipimo 4 kwa kingo zake mbili, na ndani hubaki 8. Nafasi ya vipimo 2 kila upande huacha 4 kwa sarafu. Sarafu ni duara la mstari wenye unene wa 2, na kipenyo cha 4 kikipungua 2 huku na 2 huku, tundu la katikati ni sifuri. Kilichokusudiwa kuwa sarafu kimekuwa nukta, na simu yenye nukta katikati haimwambii mtu habari ya pesa.

Simu inaweza kupanuliwa hadi 14, na sarafu ikapata tundu la vipimo 2. Hapo simu huanza kufanana na kishikwambi. Njia bora ni kubadili kitu kinachochorwa. Noti, yaani mstatili uliolala wa 20 kwa 16 wenye duara katikati, ina nafasi ya ndani ya 16 kwa 12. Duara la kipenyo cha 6 hukaa humo likiwa na tundu la 2 na nafasi ya 3 juu na chini. Noti inaeleweka kwa anayelipa taslimu na kwa anayelipa kwa simu.

Hata hivyo noti na tiketi sasa zote ni mistatili iliyolala, na waraka unapaswa kuliangalia hilo tena. Mikato ya nusu duara kwenye kingo za tiketi, na mstari wa kuchania ulio wima ndani yake, ndivyo vitakavyoitofautisha. Kurudi kwenye orodha kwa namna hii ni sehemu ya kawaida ya kazi.

Rangi, hali na nafasi ya kidole

Aikoni moja huonekana katika hali kadhaa: ya kawaida, iliyochaguliwa, na isiyoweza kubonyezwa kwa wakati huo. Kwa seti ya mistari, njia iliyoenea ni kuijaza aikoni iliyochaguliwa rangi ndani. Hiyo haina maana kwamba aikoni zote zichorwe mara mbili. Zinazohitaji toleo la kujazwa ni zile za menyu ya chini tu, ambazo kwa kawaida ni nne au tano. Kwenye programu ya mabasi zinaweza kuwa tafuta, tiketi, taarifa na akaunti. Waraka huzitaja kwa majina, ili mtu asizidishe kazi wala asisahau. Kioo cha kukuzia huhitaji uangalifu, kwani kikijazwa hufanana na pipi ya kijiti. Mara nyingi huachwa na tundu lake na kuongezwa unene.

Rangi pekee haitoshi kuonyesha hali, kwa sababu wapo watu wasiotofautisha rangi fulani, na jua la mchana hufifisha skrini. Kanuni za ufikivu za WCAG 2.1, zilizotolewa mwaka 2018 na shirika la W3C, zinataka mchoro unaobeba maana uwe na ulinganuzi usiopungua 3 kwa 1 dhidi ya rangi iliyo nyuma yake. Kampuni yenye chapa ya njano hukwama hapa. Njano iliyoandikwa `#FFC107`, ikiwekwa juu ya nyeupe, hutoa ulinganuzi wa takribani 1.6 kwa 1, na mstari mwembamba wa rangi hiyo karibu usionekane. Suluhisho ni kuchora aikoni kwa rangi iliyokoza, na njano ya kampuni kuipeleka nyuma ya kitufe au kwenye nembo.

Aikoni ya 24 ni ndogo kwa kidole. Mwongozo wa Android hutaka eneo la kubonyezwa liwe angalau 48 kwa 48, na wa Apple 44 kwa 44. Mchoro haukuzwi kwa ajili hiyo. Huongezwa nafasi isiyoonekana kuuzunguka, vipimo 12 kila upande kwa Android, na nafasi hiyo nayo hubonyezeka.

Kukuza na kupunguza mchoro ndilo kosa linaloharibu seti nyingi zilizoanza vizuri. Aikoni ya 24 ikipunguzwa hadi 16, mstari wake hubaki na unene wa 1.33 na nafasi zake huziba. Ikikuzwa hadi 48, mstari hufika 4 na kuonekana kama umechorwa kwa kalamu nene kando ya maandishi membamba. Waraka hutaja ukubwa unaoruhusiwa. Kama kampuni inataka basi kubwa kwa skrini isiyo na safari yoyote, mchoro huo huchorwa upya kwa mstari wa 2 au 3, nao unaweza kubeba vile vioo vya pembeni vilivyokataliwa mwanzo.

Faili na ukaguzi

Waraka humalizia na namna ya kukabidhi kazi. Kila aikoni huwa faili moja la SVG, lenye jina la herufi ndogo lisilo na nafasi, kwa mfano `basi.svg` au `kituo-cha-kupandia.svg`. Mafaili makuu hubaki na mistari halisi, bila kugeuzwa kuwa maumbo yaliyojazwa, ili unene uweze kubadilishwa baadaye. Rangi haifungwi ndani ya faili. Neno `currentColor` huiacha aikoni ichukue rangi ya maandishi yaliyo jirani kwenye wavuti, na kwenye Android watengenezaji huipaka rangi ndani ya programu yenyewe.

Ukaguzi wa kwanza ni wa mashine. Amri ifuatayo, ikiendeshwa ndani ya folda ya aikoni, hutaja kila faili lisilo na unene wa 2:

```
grep -L 'stroke-width="2"' *.svg
```

Isipotoa jina lolote, hakuna faili lililokosa unene huo. Ukaguzi wa pili ni wa macho. Aikoni zote kumi na mbili hupangwa safu moja kwa ukubwa wake halisi, na mkaguzi hufinya macho hadi maumbo yafifie. Inayobaki nyeusi kuliko wenzake ina mistari mingi mno. Inayopotea ina michache. Huko kufinya macho hugundua pia mchoro ulioshuka au kupanda, kama pembetatu iliyowekwa katikati kwa rula lakini ikaonekana imeegemea upande.

Ukaguzi wa tatu ni wa watu. Abiria wachache wa kawaida huonyeshwa aikoni bila maneno na kuulizwa kila moja ni ya nini. Wengi wakisita kwenye aikoni ileile, kasoro iko kwenye kitu kilichochaguliwa kuchorwa, na kurekebisha kona au unene hakutasaidia. Aikoni kama kituo cha kupandia, ambayo kwa kawaida huwa tone lililopinduliwa lenye duara ndani, inafahamika kwa wanaotumia ramani za simu na inaweza kuwa kitendawili kwa wengine. Maana isiyokubali kuchorwa huandikwa kwa neno chini ya aikoni, na kwenye menyu kuu ni salama zaidi kuziandikia zote.

Za bure na za kuchora

Si lazima aikoni zote kumi na mbili zichorwe upya. Feather, seti ya bure iliyoanzishwa na mbunifu Cole Bemis, imechorwa kwenye kisanduku cha 24, kwa mstari wa 2, kwa ncha na maungio ya mviringo. Lucide, iliyochipuka kutoka kwayo, inafuata vipimo hivyohivyo. Leseni zake huruhusu matumizi ya kibiashara. Kampuni ya mabasi iliyochagua vipimo vya mfano huu inaweza kuchukua humo tafuta, tarehe, taarifa, akaunti na msaada, kisha ikamlipa mchoraji kwa kiti, tiketi, mzigo na vingine vinavyohusu safari zake.

Gharama ya njia hiyo ni kwamba karibu nusu ya seti itafanana na ya programu nyingine nyingi. Kwa kioo cha kukuzia hilo si hasara, kwa kuwa mtumiaji hufaidika na alama aliyokwisha kuizoea. Hatari iko kwa anayeokota aikoni moja hapa na nyingine pale bila kupima, kwa sababu seti mbili zinazofanana kwa mbali huweza kutofautiana kwa nusu kipimo cha unene, na nusu kipimo huonekana. Mchoro wowote unaotoka nje upitishwe kwenye waraka uleule: kisanduku, unene, ncha, kona na nafasi. Ukishindwa hata kimoja, uchorwe upya au uachwe.